Karatasi ya Tarehe 15 Januari

Januari 2024 dola moja ya Marekani ilikuwa imevuka shilingi 160 za Kenya, na waagizaji wengi wa bidhaa waliamini bado ingepanda. Serikali ilikuwa na hati fungani ya dola bilioni 2 iliyopaswa kulipwa Juni mwaka huo, na soko lilihofia kwamba malipo yangekwama. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa hati fungani mpya na kuanza kuinunua ile ya zamani. Hofu ikashuka, dola nayo ikashuka. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa karibu shilingi 132.

Mwagizaji aliyekuwa amesubiri alipata nafuu. Yule aliyekuwa ameshakubaliana na benki yake mwezi Januari kwamba atanunua dola miezi sita baadaye kwa bei iliyofungwa, alijikuta ameshika mkataba wa kulipa ghali kwa kitu ambacho sasa ni rahisi. Kama mwaka wake wa hesabu uliishia 31 Machi, ilimbidi aweke thamani ya mkataba huo kwenye mizania. Na mkaguzi wa hesabu alipofika, maswali yake yalikuwa matatu: mkataba huu una thamani gani leo, uliandikwa lini kuwa kinga, na je, kweli unakinga kitu chochote?

Nitayafuata maswali hayo kwa kampuni ya mfano. Kampuni yenyewe ni ya kubuni. Bei za dola ninazotumia ziko karibu na zile za soko la wakati huo. Ni kampuni ya kusaga ngano Mombasa. Inatarajia meli ya ngano itakayolipiwa dola milioni 2 tarehe 15 Julai 2024. Tarehe 15 Januari, dola ikiwa shilingi 160, inaingia mkataba na benki: siku ya malipo itanunua dola milioni 2 kwa shilingi 168 kila moja, liwalo na liwe.

Msomaji atauliza kwa nini 168 wakati bei ya siku ni 160. Benki haikuwa inabashiri. Ili iweze kuahidi dola za Julai, ni kama inakopa shilingi leo kwa riba ya karibu 16%, inanunua dola, na kuziweka mahali zinapopata riba ya zaidi kidogo ya 5%. Tofauti ya riba hizo mbili kwa miezi sita ndiyo inayoipandisha 160 kuwa 168. Jambo hili tulishike, kwa sababu mkaguzi atalirudia.

Siku ya kusaini, mkataba huo hauna thamani yoyote. Hakuna fedha iliyotoka wala kuingia. Hapo ndipo penye hatari ya kwanza kwa mkaguzi: kitu kisichogharimu chochote siku ya kwanza hakiachi alama kwenye leja. Mkopo huacha alama kwa sababu fedha huingia benki, na gari huacha ankara. Mkataba wa dola za baadaye unaweza kukaa kwenye droo ya mkuu wa hazina kwa miezi, ukiwa tayari umebeba hasara ya mamilioni, na mtu anayesoma leja pekee asijue kwamba upo. Kwa hiyo mkaguzi haanzi na orodha ya kampuni. Anaandikia kila benki ambayo kampuni ina uhusiano nayo, hata ile ambayo akaunti yake imebaki tupu, na kuiombea itaje mikataba yote iliyo wazi. Majibu yanakwenda kwa mkaguzi moja kwa moja, bila kupitia mikononi mwa idara ya fedha. Kisha anasoma kumbukumbu za vikao vya bodi, na anapitia malipo yaliyofanywa benki baada ya mwaka kuisha, kwa sababu mkataba uliofichwa Machi lazima ujitokeze siku ya kulipwa.

Katika mfano wetu benki inajibu vizuri: mkataba mmoja, dola milioni 2, shilingi 168, tarehe 15 Julai. Upo. Sasa una thamani gani?

Idara ya fedha ya kampuni imeandika kwamba una deni la shilingi milioni 72. Hesabu yake ni nyepesi: bei ya mkataba 168, bei ya dola siku ya 31 Machi 132, tofauti 36, mara milioni 2. Inaeleweka haraka, na ni makosa. Mkataba si wa kununua dola leo bali tarehe 15 Julai, kwa hiyo unapaswa kulinganishwa na bei ambayo soko lingetoza siku ya 31 Machi kwa dola za 15 Julai. Mkaguzi anarudia hesabu ileile ya riba: anaanza na 132, anaongeza tofauti ya riba kwa miezi mitatu na nusu iliyobaki, anapata karibu 136. Tofauti na 168 ni 32, mara milioni 2 ni shilingi milioni 64. Lakini milioni 64 hizo zitalipwa Julai, na shilingi ya Julai si sawa na shilingi ya leo. Akizirudisha nyuma kwa riba ya 16% kwa muda huo anapata milioni 61 na kidogo. Kosa la kampuni ni karibu milioni 11, na limetokana na kuchukua bei ya siku badala ya bei ya tarehe ya mkataba.

Viwango vya kimataifa vya uhasibu, katika IFRS 13, vinaiita namba hiyo thamani ya haki: bei ambayo watu wawili walio sokoni, wasiolazimishwa, wangekubaliana siku hiyo kuuziana haki au kuhamishiana deni. Viwango hivyo vinapanga vipimo kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni bei inayosomwa moja kwa moja kwenye soko lenye shughuli, kama hisa. Ya pili ni ile inayokokotolewa kwa vitu vinavyoonekana sokoni, na mkataba wetu umo humo, kwa kuwa bei ya dola na riba zote zinaonekana. Ya tatu ni ile inayotegemea makisio ya kampuni yenyewe, na huko mkaguzi hutumia muda mwingi zaidi, mara nyingi akiwa na mtaalamu wa kupima thamani pembeni yake.

Kampuni nyingi hazifanyi hesabu hii. Hupokea karatasi ya benki inayosema mkataba una thamani fulani, na kuinakili. Mkaguzi asiyejiamini hutamani kufanya vivyo hivyo: benki imesema, nani atabisha? Nadhani huu ndio udhaifu mkubwa kuliko wote katika ukaguzi wa mikataba hii. Barua ya benki inathibitisha vizuri kwamba mkataba upo, na masharti yake ni yapi. Kuhusu thamani, benki ni upande wa pili wa mkataba uleule, ndiyo inayodai. Isitoshe, karatasi hizo kwa kawaida hubeba maneno chini yake yanayosema kwamba benki haiwajibiki kwa usahihi wa namba. Kiwango cha ukaguzi cha ISA 540 kinamtaka mkaguzi ajue njia iliyotumika, data iliyoingizwa na makisio yaliyofanywa. Kwa mkataba wa dola wa miezi sita, kujua huko ni kazi ya nusu saa kwenye jedwali la Excel, kwa riba na bei alizozitoa mkaguzi mwenyewe sokoni. Akipata milioni 61.1 na benki ikasema 61.6, tofauti hiyo inaelezeka kwa riba zilizotofautiana kidogo. Akipata 61 na kampuni ikasema 72, ana jambo la kuzungumza.

Kuna marekebisho mengine madogo. Deni hili ni la kampuni kwa benki, na thamani ya haki inatakiwa izingatie uwezekano kwamba mdaiwa asilipe. Kwa kampuni imara na muda wa miezi mitatu, marekebisho hayo huwa madogo. Kwa kampuni inayoyumba na mkataba wa miaka mitano, yanaweza kubadilisha namba yote, na mkaguzi anayeyasahau amesahau jambo zito.

Basi deni ni milioni 61. Swali linalofuata ndilo linalowafanya wakurugenzi wakose usingizi: hasara hiyo inakwenda wapi?

Kanuni ya kawaida ni kwamba mabadiliko ya thamani ya mkataba kama huu yanaingia moja kwa moja kwenye faida na hasara ya mwaka. Kwa kampuni ya ngano hilo linaonekana kama uonevu. Iliingia mkataba ili ijue mapema gharama ya ngano yake. Ngano yenyewe itafika Julai, katika mwaka mwingine wa hesabu, na itanunuliwa kwa dola rahisi. Yaani hasara ya mkataba inaingia mwaka huu, na unafuu wa ngano utaingia mwaka ujao, ilhali vyote viwili ni jambo moja. Wenye hisa wa Kenya Airways waliliona hili kwa ukubwa wake. Bei ya mafuta ghafi ilifika karibu dola 147 kwa pipa Julai 2008, kisha ikaporomoka hadi chini ya dola 40 kufikia Desemba. Mikataba ya kufunga bei ya mafuta iliyokuwa imeingiwa wakati bei iko juu ilichangia pakubwa hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 4 ambayo shirika hilo lilitangaza kwa mwaka ulioishia Machi 2009.

Uhasibu wa kinga ni ruhusa maalumu ya kuziunganisha pande hizo mbili. Chini ya IFRS 9, ambayo ilianza kutumika 1 Januari 2018, kampuni inaweza kuiweka hasara ya mkataba kando, kwenye akiba ya kinga ndani ya mtaji, bila kuipitisha kwenye faida ya mwaka. Ngano ikifika, hasara hiyo inahamishiwa kwenye gharama ya ngano. Tuseme 15 Julai dola ni 129. Ngano ya dola milioni 2 ingegharimu shilingi milioni 258. Mkataba unailazimu kampuni kulipa 168, yaani milioni 78 zaidi. Ukizijumlisha, ngano inaandikwa ghalani kwa milioni 336, ambayo ni bei ileile iliyofungwa Januari. Kinga ilifanya kazi yake, na hesabu zinaonyesha hivyo. Kwamba dola ilishuka ni suala la bahati ya soko; kampuni ilikuwa imelipia uhakika na uhakika iliupata.

Ruhusa hiyo ina masharti, na la kwanza ni karatasi. Siku ile kinga inapoanza, kampuni lazima iwe na hati rasmi inayotaja mkataba upi ndio kinga, manunuzi yapi ndiyo yanayokingwa, hatari gani inakingwa, na jinsi itakavyopimwa kama kinga inafanya kazi, pamoja na vyanzo vinavyoweza kuiharibu na uwiano kati ya kiasi cha mkataba na kiasi cha manunuzi. Hati hiyo haiwezi kufanya kazi kwa siku zilizotangulia kuandikwa kwake. Ikiandikwa Machi, uhasibu wa kinga unaanza Machi.

Wapo watu wa fedha wanaoiona kanuni hii kuwa ya kikatili. Kila mtu anajua kampuni ilinunua dola kwa ajili ya ngano, wanasema. Kwa nini karatasi iliyochelewa iiangushe? Mimi naitetea bila kusita. Chukua kampuni inayoruhusiwa kuamua baadaye. Mkataba ukileta faida, itasema haukuwa kinga, na faida itaingia kwenye matokeo ya mwaka. Ukileta hasara, itasema ulikuwa kinga, na hasara itawekwa kando mahali ambapo wasomaji wengi wa hesabu hawatazami. Mikataba kumi ikiendeshwa hivyo, matokeo ya mwaka yatakuwa yale yanayopendwa na wakubwa. Tarehe ya hati ndiyo inayozuia uchaguzi huo, kwa sababu siku ya kwanza hakuna ajuaye dola itakwenda wapi.

Na kwa kuwa tarehe ina uzito huo, ndiyo inayochezewa. Hati ya kampuni yetu ya ngano ni safi: kurasa nne, sahihi mbili, na juu yake imeandikwa 15 Januari 2024. Mkaguzi mwenye uzoefu haisomi akitafuta kama ina vipengele vyote. Vipengele hunakiliwa kirahisi. Anaisoma akitafuta kitu ambacho mtu wa tarehe 15 Januari asingeweza kukijua.

Ukurasa wa pili unataja jina la muuzaji wa ngano na namba ya mkataba wake. Mkaguzi anauomba mkataba huo na kuukuta umesainiwa 20 Februari. Anaomba faili lenyewe kutoka kwenye kompyuta badala ya nakala iliyochapishwa, na taarifa za faili zinaonyesha lilitengenezwa 4 Machi. Anaangalia kumbukumbu za kamati ya fedha za Januari: zinasema kampuni imenunua dola za baadaye, lakini hazitaji kinga ya kihesabu. Za Machi zinasema mkuu wa fedha aliagizwa kushughulikia athari za mkataba kwenye matokeo ya mwaka. Hakuna kimoja kati ya hivi kinachotosha peke yake. Faili linaweza kuwa limenakiliwa upya, na namba ya mkataba inaweza kuwa imeongezwa baadaye kwa nia njema. Vikiwekwa pamoja, vinatoa tarehe moja: 4 Machi.

Hapo kazi ya mkaguzi inabadilika sura. Hati iliyochelewa ni kosa la utaratibu. Hati iliyopewa tarehe ya uongo ni jambo la uadilifu, na linamlazimu kupanda juu ya idara ya fedha hadi kwa kamati ya ukaguzi ya bodi, na kujiuliza upya kama karatasi nyingine alizopewa na watu walewale zinaaminika. Namba nazo zinabadilika. Siku ya 4 Machi dola za 15 Julai zilikuwa zinauzwa kwa takriban shilingi 148. Tofauti na 168 ni 20, mara milioni 2 ni milioni 40, na ukizirudisha kwa thamani ya siku hiyo unapata karibu milioni 38. Hasara hiyo ilizaliwa kabla ya hati kuwepo, kwa hiyo inakwenda kwenye faida na hasara. Kinachobaki kuzungumziwa kama kinga ni mabadiliko ya baada ya 4 Machi tu, kama milioni 23.

Sasa swali la tatu. Je, hizo milioni 23 zinakinga kitu?

Kanuni za zamani, IAS 39, zilikuwa na kipimo cha namba: mabadiliko ya kinga yagawanywe kwa mabadiliko ya kinachokingwa, na jibu liwe kati ya 80% na 125%. Ikitokea 79, uhasibu wa kinga unavunjika wote. IFRS 9 iliuondoa uzio huo na kuuliza mambo matatu: kama kuna uhusiano wa kiuchumi kati ya pande mbili, kama hatari ya mmoja kushindwa kulipa haijaumeza uhusiano huo, na kama uwiano wa kiasi unalingana na ule ambao kampuni inautumia kweli. Kampuni fulani zimelichukua hilo kama ruhusa ya kuandika sentensi moja, kwamba masharti ya pande zote yanalingana na kwa hiyo kinga ni kamilifu, na kufunga faili.

Sentensi hiyo ina historia chungu. Fannie Mae, taasisi kubwa ya Marekani inayonunua mikopo ya nyumba, ilikuwa na mikataba mingi ya kujikinga na mabadiliko ya riba. Kanuni za Marekani, FAS 133, ziliruhusu njia ya mkato: kama masharti ya mkopo na ya mkataba yanalingana kabisa, unaweza kuchukulia kwamba kinga ni kamili, bila kupima. Fannie Mae iliitumia njia hiyo mahali ambapo masharti hayakulingana, na hati zake za kinga zilikuwa na mapungufu. Septemba 2004 msimamizi wake, OFHEO, alitoa ripoti ya kuikosoa. Desemba mwaka huo mhasibu mkuu wa tume ya masoko ya mitaji, SEC, akaamua kwamba hesabu hazikufuata kanuni na zirekebishwe. Mtendaji mkuu Franklin Raines akaondoka, na wakaguzi wa KPMG wakaondolewa. Marekebisho yalipokamilika mwishoni mwa 2006, faida zilizokuwa zimetangazwa zilipunguzwa kwa dola bilioni 6.3, na uhasibu wa mikataba hii ukiwa kiini cha tatizo. Faini ilikuwa dola milioni 400. Fannie Mae haikuwa imekosa kinga. Ilikuwa imedhani pale ilipotakiwa kupima.

Kwa hiyo mkaguzi wa kampuni ya ngano anapima, na njia yake ni kujenga mkataba wa kufikirika: mkataba ambao ungefaa kabisa kwa ngano ile kama ungeandikwa siku ya hati. Siku hiyo ni 4 Machi, na bei ya soko ni 148. Kufikia 31 Machi bei imeshuka hadi 136. Mkataba wa kufikirika ungepoteza shilingi 12 kwa kila dola, yaani milioni 24, ambazo kwa thamani ya siku hiyo ni kama milioni 22.9. Mkataba halisi, katika muda huohuo, umepoteza milioni 23.3. Tofauti ya karibu laki nne inatokana na mkataba halisi kuingia kwenye kinga ukiwa tayari umebeba deni la milioni 38, na deni hilo huongezeka kadiri siku ya kulipa inavyokaribia. Kanuni inasema kinachowekwa kwenye akiba ni kile kidogo kati ya viwili hivyo. Laki nne hizo zinakwenda kwenye faida na hasara. Ni fedha ndogo, lakini zinaonyesha kwamba kauli ya kinga kamilifu haikuwa ya kweli hata pale ambapo tarehe, sarafu na kiasi vilifanana.

Na kiasi chenyewe hakikufanana. Kinga ya manunuzi yajayo inaruhusiwa tu kama manunuzi hayo yana uwezekano mkubwa sana wa kutokea. Nia ya wakurugenzi haitoshi. Mkaguzi anaangalia kinu kilisaga ngano kiasi gani miaka iliyopita, ghala lina akiba ya muda gani, na oda za wateja zinasemaje. Kisha anatumia faida aliyonayo ya kufika baadaye. Ni Mei sasa, na oda ya meli ya Julai imeshatolewa: ni ya dola milioni 1.5, si 2. Anauliza kwa nini, na kuonyeshwa barua ya mteja mkubwa wa unga aliyevunja mkataba. Tarehe ya barua ndiyo inayoamua kila kitu. Ingekuwa ya Aprili, hesabu za Machi zingebaki kama zilivyo, kwani siku ya 31 Machi kampuni bado ilikuwa na sababu ya kuamini itanunua ngano yote. Barua ni ya 20 Machi. Siku ya kufunga hesabu kampuni ilishajua kwamba robo ya ngano haitanunuliwa, kwa hiyo robo ya mkataba haikingi kitu tena. Robo ya milioni 22.9 inatolewa kwenye akiba na kuingizwa kwenye hasara ya mwaka.

Rasimu ya kampuni ilionyesha deni la milioni 72, lote limewekwa kwenye akiba ya kinga, na hasara ya mwaka kutokana na mkataba huu ikiwa sifuri. Baada ya ukaguzi deni ni milioni 61, akiba ya kinga ni takriban milioni 17, na milioni 44 zimepita kwenye faida na hasara. Wakurugenzi wakikataa marekebisho hayo, na milioni 44 zikiwa nzito kulingana na ukubwa wa kampuni, mkaguzi hana budi kutoa maoni yenye shaka juu ya hesabu zote.

Mwenye hisa asiyekuwepo chumbani anaweza kuiona sehemu ya kazi hii mwenyewe. Hesabu zinazofuata IFRS hubeba maelezo ya vyombo vya fedha, kwa kawaida kurasa za mwisho mwisho. Humo kampuni yenye uhasibu wa kinga inatakiwa kuonyesha kiasi cha mikataba, thamani yake ya haki, mwendo wa akiba ya kinga kutoka mwanzo hadi mwisho wa mwaka, na mstari unaoonyesha sehemu ya kinga ambayo haikufanya kazi. Mstari huo wa mwisho ndio ninaoutazama kwanza. Ukiwa na sifuri mwaka baada ya mwaka, kwa kampuni ambayo mauzo yake yanapanda na kushuka na meli zake huchelewa, nenda nao kwenye mkutano mkuu na umuulize mkaguzi, ambaye kwa kawaida huwepo, sifuri hiyo ilipimwa vipi.